Fremu 1,200 kati ya 12,000

Watu wakiniona na darubini juu ya dari ya zege ya nyumba ya mjomba, Kikwajuni, swali la kwanza ni la taa. "Na mwanga wote huu wa mji, unaona nini?" Mwanga si tabu. Mshtarii, au Jupita kama wengi tulivyoizoea skuli, inang'aa kuliko nyota yoyote ya usiku, na taa za barabarani haziipunguzii kitu. Tabu ni mabati. Yamekaa juani mchana kutwa, na usiku yanaurudisha ule moto hewani polepole. Hewa ya moto inapopanda na kuchanganyika na ya baridi, mwanga wa sayari unapindwa huku na huku mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo sababu nyota humetameta. Kwenye darubini, sayari inatetemeka kama sarafu iliyoko chini ya maji ya pwani.

Lakini chungulia kwa dakika nzima bila kuondoa jicho. Ghafla maji yanatulia, mikanda ya mawingu inajichora, halafu kwisha. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Mtaalamu David Fried aliipigia hesabu bahati hiyo mwaka 1978. Hewa imegawika katika mafundo, kila fundo tulivu lina upana wake wa sentimita kadhaa, na kinachoamua ni kioo chako kimezidi fundo hilo mara ngapi. Kikizidi mara 7, unapata fremu nzuri moja katika 370 hivi. Kikizidi mara 10, moja katika milioni. Kwa hiyo wenye darubini ndogo tusijidharau: kioo changu, milimita 127, alichoniletea binamu kutoka Maskati, hakioni mbali kama kikubwa, lakini hubahatika mara nyingi zaidi.

Basi hupigi picha, unarekodi video, halafu unachagua. Disemba 2024 Mshtarii ilikuwa upande wa anga ulio kinyume na jua, tarehe 7, na baada ya saa sita usiku kidogo ilikuwa juu kaskazini, kama nyuzi 62 kutoka upeo wa macho. Nilisubiri muda huo makusudi. Saa mbili usiku sayari iko chini na mwanga wake unapita juu ya paa zote za mtaa. Saa sita mabati yamepoa na njia ya mwanga angani ni fupi. Nilirekodi sekunde 120, fremu 100 kila sekunde, kila fremu ikiwa wazi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, ili kuiwahi hewa kabla haijahama. Jumla fremu 12,000. Faili lilikaribia gigabaiti moja, nikiomba Mungu umeme usikatike.

Kwa nini dakika mbili tu? Kwa sababu Mshtarii yenyewe inazunguka, mzunguko mmoja kwa chini ya saa kumi. Kwenye kamera yangu ilikuwa na upana wa pikseli 120 hivi, na alama iliyo katikati ya uso wake husogea zaidi ya nusu pikseli kila dakika. Ukirekodi dakika kumi, umeshaipaka rangi mwenyewe.

Programu ya AutoStakkert hupima kila fremu kwa jinsi vitu vidogo vinavyotofautiana na jirani zao, halafu hupanga kuanzia bora hadi mbovu na kuchora mstari. Mstari huo ndio wa kutazama. Usiku wa saa mbili unashuka kama ngazi ya kisima: fremu chache safi, zilizobaki takataka. Usiku ule ulikuwa karibu tambarare hadi robo ya fremu, nikachukua asilimia 10, yaani 1,200. Ukichukua chache mno, chembechembe za kamera zinabaki. Nyingi mno, unaingiza ukungu. Programu inazipanga zile 1,200 juu ya nyingine, kipande kwa kipande, kwa sababu hewa huvuta upande mmoja wa sayari huku na mwingine kule. Chembechembe hupungua kwa kipeuo cha pili cha 1,200, kama mara 35.

Matokeo yake, wallahi, yanavunja moyo. Picha laini, ya maziwa, utasema imepigwa kupitia chandarua. Hapo ndipo zinapoingia wevuleti za RegiStax: picha inagawanywa tabaka sita kwa ukubwa wa vitu vilivyomo, tabaka la kwanza vidogo kabisa, la sita vipana, na kila tabaka lina kitelezi cha kulikuza peke yake. Mawingu hayakufutwa na ukungu, yalififishwa tu, na kwa vile chembechembe zimeshapungua mara 35 unaweza kuyapandisha. Jaribu hivyohivyo kwenye fremu moja, utapata changarawe.

Nikaipeleka picha kwenye maonesho ya wanafunzi. Kamati ikaikataa. "Imechezewa," nikaambiwa, na mmoja akaongeza ati nimeitoa Gugo. La Gugo lilinichekesha, la kuchezewa lilinikosesha usingizi, kwa sababu lina haki. Kweli nimesogeza vitelezi. Ukivisogeza vya kutosha utatoa mikanda hata kwenye picha ya chapati. Kwa hiyo swali lao lilikuwa zuri kuliko walivyodhani: nini kwenye picha kimetoka angani, na nini kimetoka kwenye laptopu?

Bahati nzuri nilikuwa na video ya pili, iliyoanza dakika 20 baada ya ya kwanza. Nikaichakata peke yake, asilimia ileile, vitelezi vilevile, bila kugusa kingine. Kwa dakika 20 Mshtarii inageuka nyuzi 12, na kitu kilichokuwa katikati lazima kisogee pikseli 12 au 13, upande uleule inakozunguka. Uchafu wa kamera hausogei hivyo. Changarawe ya kukuza haijui kuzunguka. Doa Jekundu, lililokuwa karibu na katikati kwenye ya kwanza, lilisogea 12. Kijidoa cheusi kwenye mkanda wa kaskazini kilisogea nalo. Lakini vijimstari vitatu vyeupe karibu na ncha ya kusini, nilivyovipenda kuliko vyote, kwenye video ya pili havipo kabisa.

Nikawaandikia kamati hivyohivyo, na vijimstari nikavizungushia duara jekundu niliposema sivitetei. Niliwapelekea picha tatu: fremu moja mbichi, rundo la 1,200 kabla ya kukuzwa, na ya mwisho. Wakazitundika zote.

Tangu hapo kitelezi cha kwanza nakiacha karibu na sifuri. Darubini ya milimita 127 haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko sekunde moja ya nyuzi hivi, na kwenye kamera yangu hizo ni pikseli mbili na nusu. Kitu cha pikseli moja basi hakiwezi kuwa wingu, na tabaka la kwanza limejaa hivyo. Kazi yangu naifanya tabaka la pili na la tatu, na nikimaliza natazama ukingo wa sayari kabla ya kutazama katikati. Pale mwanga unakatika ghafla kuingia giza, na wevuleti zikizidi huacha uzi mweupe ndani ya ukingo na uzi mweusi nje yake. Nikiuona, narudisha vitelezi nyuma mpaka upotee, hata kama Doa Jekundu linafifia nao.