Nati niliyoikaza mara tatu

Nilimwambia jirani wa ghorofa ya chini kwamba presha ya maji ya usiku ndiyo iliyopasua fleksibo yangu. Presha ilikuwepo, kweli. Lakini nati niliiua mimi, kwa spana, kwa muda wa wiki tatu.

Ilianza na tone. Chini ya sinki la kunawia, pale fleksibo inapoungana na koki ndogo ya ukutani, tone lilikuwa likijijaza taratibu kwenye nati, kisha linadondoka. Nikakaza robo mzunguko. Pakakauka siku tatu. Liliporudi, nilifunga maji, nikaifungua nati, nikazungushia meno ya koki tepu nyeupe, nikarudisha. Washa ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuitazama! Tepu pale haina kazi: meno yanavuta nati tu, na kinachozuia maji ni ile washa ya mpira inayobanwa kwenye mdomo wa koki.

Mara ya tatu niliazima spana ndefu, nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Tone likakoma, nami nikajiona fundi.

Saa nane usiku, siku kadhaa baadaye, nikasikia maji yakivuma bafuni.

Fundi bomba alipokuja asubuhi aliiweka nati kiganjani. Ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini. Akaitoa washa kwa ncha ya bisibisi: ngumu kama kifuniko cha soda, mdomo wa koki umeichora duara, upande mmoja umekatika kabisa.

"Mzee, ulikuwa unakaza nini hapa?"

Mpira ukishakufa haurudishi tena msukumo. Kila nilipokaza, nguvu ilihamia kwenye ukuta mwembamba wa nati. Kwa fleksibo mpya, alisema, unakaza kwa mkono mpaka igome, kisha robo mzunguko kwa spana. Ikitoa tone, unaongeza kidogo mara moja tu. Lisipokoma, fungua uangalie washa. Kama fleksibo bado changa na mdomo wa koki ni laini, badili washa peke yake.

Yangu ilikuwa ya kutupwa zamani. Nyuzi za chuma zilikuwa na kutu karibu na kile kikombe kinachobana ncha ya mpira, na maji yakitokea hapo hakuna nati ya kukaza. Alipofunga mpya alikausha kila kitu, akaviringishia kikombe kipande cha karatasi ya chooni, na nati kipande chake. Pale panapolowa kwanza ndipo penye ugonjwa. Alishika pia ncha ya juu kwenye bomba, maana maji ya huko huteleza kwenye nyuzi na kujikusanya chini, ukadhani nati ndiyo inavuja.

Vipande vyote viwili vilibaki vikavu. Jirani nilimlipia dari. Kuhusu presha, bado hajui.