Akaunti ya Mama, Akaunti ya Mjomba

Nikisema natoka Chanika, wenzangu hapa chuoni wanadhani ni ile ya Ilala, Dar es Salaam. Siyo. Chanika yetu iko Handeni, mkoani Tanga, ndipo palipo soko na stendi ya mji. Ukitoka Korogwe unaingia kwa lami, na ukiendelea mbele unatokea Mkata kwenye barabara kuu. Mama yangu anauza chai na maandazi karibu na stendi hiyo. Mjomba wangu ananunua mahindi vijijini wakati wa mavuno na kuyauza kwa matajiri wa malori. Mwaka juzi, nikiwa likizo baada ya mwaka wa kwanza, niliwafungulia wote wawili akaunti za benki. Nilikuwa nimesoma somo moja la uhasibu na nikajiona nimeshakuwa mshauri wa fedha.

Benki ilikuwa na akaunti za aina mbili. Ya kwanza haikuwa na ada ya mwezi, ila kila ukitoa hela unakatwa shilingi 1,500. Ya pili ilikuwa na ada ya shilingi 9,000 kila mwezi, na ukitoa hela unakatwa 300 tu. Nikafikiri hivi: mama ni mtu wa hela ndogo, ada ya 9,000 itamuumiza, basi achukue ile isiyo na ada. Mjomba ni mfanyabiashara, anashika mamilioni, basi achukue ile ya pili, ambayo hata kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa ya wafanyabiashara. Wote walinishukuru. Mjomba alinipa na nauli ya kurudia chuo.

Baada ya miezi minne mama alinipigia. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii benki inakula na nani?" Alikuwa anakusanya hela ya sare na madaftari ya mdogo wangu anayeingia kidato cha kwanza, na kila akitazama salio haoni inakwenda wapi. Nilimwambia aende tawini aombe taarifa ya akaunti. Likizo iliyofuata tuliikunjua ile karatasi juu ya meza ya maandazi, tukaanza kuhesabu.

Mama anafanya biashara siku 26 kwa mwezi. Jioni anaweka mauzo kwa wakala wa benki, na kuweka hakuna makato. Alfajiri anatoa kama shilingi 20,000 za kununulia unga, mafuta, sukari na mkaa. Kwa hiyo anatoa mara 26 kwa mwezi. Zidisha kwa 1,500, unapata 39,000. Angekuwa kwenye ile akaunti ya pili, angelipa ada 9,000 na makato ya 300 mara 26, yaani 7,800. Jumla 16,800. Kila mwezi mama alikuwa anapoteza 22,200 kwa sababu ya ushauri wangu. Kwa miezi minne ni 88,800. Sare na madaftari yalikuwa humo.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hili, na ndiyo iliyonifungua macho. Shilingi 1,500 ukiikata kwenye 20,000 ni asilimia 7.5. Mama akinunua vitu vya 20,000 na kuvipika, faida yake kwa siku nzuri ni kama 6,000. Maana yake robo ya faida ilikuwa inabaki kwa wakala kabla hata jiko halijawashwa. Kumbe makato yale yale ya 1,500 ukiyaweka kwenye milioni moja na nusu ni asilimia 0.1, hata hujui kama umekatwa. Mimi nilikuwa nimeangalia ukubwa wa hela, nikasahau kuhesabu mara ngapi hela inatoka.

Nikaenda kwa mjomba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Umekuja kunieleza habari ya akaunti yako?" Aliiita akaunti yangu, nami sikubisha. Mjomba kwenye msimu anatoa mara tatu kwa mwezi, milioni moja na nusu kila mara, anakwenda nazo vijijini. Kwenye akaunti niliyompa alilipa ada 9,000 na makato 900, jumla 9,900. Kwenye ile ya mama angelipa 4,500. Tofauti ya 5,400 kwa mtu wa mamilioni siyo kitu, na yeye mwenyewe alicheka. Kilichomuudhi ni kingine. Msimu ukiisha, mjomba haigusi akaunti kabisa. Aliiacha na salio karibu na sifuri, akakaa miezi minne bila kuweka wala kutoa. Siku alipoingiza 200,000 aliyolipwa deni, salio likasoma 164,000. Ada ya miezi minne, 36,000, ilikuwa inamsubiri mlangoni. Ada ya mwezi haiulizi kama umefanya biashara.

Kwa hiyo nilikuwa nimezipishanisha akaunti. Ya mama ilimfaa mjomba, na ya mjomba ilimfaa mama. Hesabu ya kujua ipi ni ya nani ni fupi kiasi kwamba naona aibu kuiandika. Chukua tofauti ya makato ya kila muamala: 1,500 toa 300, unabaki na 1,200. Gawa ada ya mwezi kwa hiyo tofauti: 9,000 kwa 1,200 ni 7.5. Basi ukitoa hela mara 7 au pungufu kwa mwezi, chukua akaunti isiyo na ada. Ukitoa mara 8 au zaidi, lipa ada. Ila hesabu mwaka mzima, usihesabu mwezi mmoja mzuri, maana mtu wa msimu kama mjomba ana miezi ya sifuri.

Nikamwambia mama tuhame akaunti. Kisha nikajiona mjanja zaidi: nikamwambia hata kuhama hakuna haja, atoe mara moja tu kwa wiki. Hela ni ile ile 520,000 kwa mwezi, akiitoa kwa mafungu manne atalipa 6,000 tu, pungufu hata ya ile akaunti ya pili. Kwenye karatasi nilikuwa nimeshinda.

Mama akakataa. "Laki na thelathini niilaze wapi? Hapa kila mtu anajua nikiwa nayo. Jirani atakuja na mgonjwa, baba yako atakuja na la kwake, na mimi mwenyewe nitaona kanga." Akasema anajua kwamba wakala anamkata, lakini anamlipa amtunzie. Sikuwa na jibu. Karatasi ya makato haina mstari wa hela inayokopwa na ndugu usiku, na mama alikuwa ameshauhesabu kichwani kwa miaka mingi.

Tulichofanya mwishowe kilitoka kwake. Unga na mafuta ananunua duka lile lile kila siku, na mwenye duka ana lipa namba. Tukauliza benki: kulipa kwa lipa namba kutoka kwenye ile akaunti kunakatwa kiasi gani? Wakasema mlipaji hakatwi. Hapo hela haihitaji kutolewa ndiyo ilipwe. Sasa ananunua mfuko wa unga wa kilo 25 na dumu la mafuta mara moja kwa wiki kwa simu, na anatoa taslimu kwa ajili ya mkaa, sukari na vitu vya genge tu. Kutoka mara 26 ameshuka hadi mara 10. Kwa mara 10, akaunti ya kwanza ingemkata 15,000 na ya pili 12,000, basi tukahama. Akishuka hadi mara 6 itabidi tuhesabu upya, kwa sababu hapo ya kwanza itakuwa 9,000 na ya pili 10,800.

Sijazungumzia akaunti za simu, ambazo ndizo wengi wetu tunazitumia. Zile hazina ada ya mwezi, na makato yake yanapanda kwa ngazi: kiasi fulani hadi kiasi fulani, makato haya, ukivuka, makato yale. Hapo angalia kingo za ngazi. Mara nyingi ngazi mpya inaanzia kwenye namba nzima kama 10,000 au 50,000, kwa hiyo anayetoa 50,000 kamili anaweza kulipa zaidi ya anayetoa 49,000. Na kuna desturi yetu ya kutuma "na ya kutolea". Mama akinitumia 20,000 anaongeza ya kutolea, na mwenyewe anakatwa ya kutuma. Kwa hiyo fungu moja dogo limekatwa pande mbili, na ukiyatuma mafungu matano badala ya moja umelipa mara tano.

Tuliokuwa nyumbani mwaka 2021 tunakumbuka tozo za miamala zilizoanza tarehe 15 Julai, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, juu ya makato ya kampuni. Septemba mwaka huo zilipunguzwa kwa asilimia 30. Pale Chanika nilishuhudia watu wakirudia mtindo wa zamani, kumpa konda wa basi bahasha apeleke hela kwa ndugu. Watu wale hawakuwa na karatasi yoyote ya kupigia hesabu. Walijua tu kwamba kila hela ikisogea kuna kitu kinabaki njiani, na aliyesogeza mara nyingi ndiye aliyekimbia kwanza.

Nikarudi chuo na kujitazama. Tuchukue bumu ya siku 60 kwa shilingi 10,000 kwa siku. Ni 600,000, na inaingia kwa mara moja, kama mahindi ya mjomba. Lakini mimi nilikuwa naitoa kama mama, 10,000 kila asubuhi pale mashine ya ATM, kwa imani kwamba hivyo najibana. Akaunti yangu nayo inakata 1,500 kwa kutoa. Mara 60 ni 90,000. Ni chakula cha siku tisa.

Nilipomwambia mama kwa simu, alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na wewe chuo gani unachosoma?" Sasa natoa mara moja kwa wiki, 70,000, na namwachia mwenzangu wa chumbani 50,000 anitunzie. Yeye hanikati, ila Ijumaa huwa lazima nimnunulie soda.