Mwaliko wa Dua ya Nyumba

Wako katika jamii yetu waliohamia nyumba mpya mwaka huu, na wengine wametuuliza tulivyoandaa dua ya nyumba yetu hapa Leicester mwezi wa Mei, mwaka 2023. Tumeona tuandike, si juu ya pilau, maana pilau kila mtu anaijua, bali juu ya mwaliko wenyewe. Pilau yetu ilitoka salama. Mwaliko ndio uliotutoa jasho.

Tulianza kwa Maalim, na tunashauri kila mtu aanze hapo, kabla siku haijapangwa. Sisi tulikuwa tumekwisha kuchagua Jumamosi na kumwambia nusu ya mji. Tulipofika kwake tukakuta Jumamosi hiyo ana nikaha. Ikabidi tusogeze mbele wiki moja na kuwapigia watu simu upya. Ni aibu ndogo, lakini ingeweza kuepukwa.

Maalim alitukaribisha, akatuuliza swali ambalo hatukulitegemea: "Mnataka kusoma nini?" Tukajibu kwamba tunataka maulidi, kama tulivyozoea Tanga. Akauliza tena: "Na jamaa zenu wote huhudhuria maulidi?" Hapo tukatazamana. Mdogo wetu, ambaye tulimtaka awepo kuliko wageni wengi, huona kwamba maulidi ni uzushi, na hakai pale yanaposomwa. Maalim hakuingia katika ubishi huo. Alisema kwamba karamu ya nyumba mpya ina jina lake katika vitabu vya fiqhi, huitwa wakira, nayo ni jambo la kupendeza kwetu Mashafii; lakini hakuna kisomo maalumu kilichofaradhishwa kwa ajili ya nyumba. Basi tusome Kurani yote kwa kugawana juzuu, tuombe dua, tule. Hilo hakuna atakayelikimbia.

Tulimwuliza pia kama nyumba ya kupanga inastahili dua, maana hii si mali yetu. Akacheka. Akasema anayeombewa ni aliyemo ndani, si matofali.

Akatuonya juu ya neno moja. Tusiandike "hitima" katika mwaliko, ingawa maana yake ni hiyo hiyo ya kukamilisha Kurani, kwa sababu kwa masikio ya watu wengi wa pwani hitima ni ya marehemu. Mtu akisikia kuna hitima kwetu atapiga simu ya rambirambi. Tuandike "kisomo cha Kurani na dua ya nyumba".

Ndipo tukakaa na kalamu. Kwetu Tanga mwaliko wa dua hauna hesabu: mtaa mzima huja, jamvi hutandikwa nje, na anayepita njia huvutwa mkono. Hapa tuna sebule ya mbele, chumba cha kulia cha nyuma, na vyumba vitatu vya juu. Tulipima kwa kukaa wenyewe sakafuni pamoja na watoto. Wanaume kumi na wanne waliweza kukaa mbele bila kugongana magoti, na wanawake kumi na wanane nyuma, tukiitoa meza. Kisomo nacho kina hesabu yake. Juzuu ni thelathini. Msomaji mwepesi humaliza juzuu moja kwa nusu saa au zaidi kidogo, na msomaji wa polepole huchukua saa nzima. Katika wageni wetu tuliwahesabu wasomaji ishirini; basi tisa walio wepesi wangechukua juzuu mbili mbili, na waliobaki moja moja, na wote wangemaliza kwa muda wa saa moja na ushei. Juzuu ya Amma, ambayo sura zake ni fupi, tuliwaachia watoto waigawane.

Saa nazo zilitutesa. Katika nchi hii mtu hawezi kusema tu "baada ya Magharibi". Mwezi wa Desemba Magharibi huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, watu wakiwa bado makazini. Mwezi wa Juni huingia saa tatu na nusu usiku, wakati watoto wamekwisha lala. Mwezi ule wa Mei Alasiri ilikuwa ikiingia baada ya saa kumi na moja. Tukaamua kuanza saa kumi, tusome, tuswali Alasiri kwa jamaa, Maalim aombe dua, kisha saa kumi na mbili chakula kitolewe na majirani waingie. Mwaliko tuliowapelekea marafiki ulikuwa hivi:

"Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Tunakualikeni nyumbani kwetu, Jumamosi, kwa kisomo cha Kurani na dua ya nyumba tuliyohamia. Tutaanza saa kumi alasiri. Maulidi hayatasomwa. Chakula ni baada ya Alasiri. Tafadhali tuarifuni mtakuja wangapi, na wangapi watashika juzuu. Msituletee zawadi, atakayetaka, alete msahafu wake."

Mstari ule wa maulidi uliwaudhi wazee wawili, na hatuna budi kukiri hivyo. Mmoja alituambia kwamba nyumba isiyosomewa maulidi ni kama mchele usiotiwa chumvi. Lakini tuliona afadhali mtu akasirike kwake kabla ya kuja kuliko kusimama katikati ya sebule na kuondoka mbele ya Maalim.

Jamaa hawakupelekewa karatasi. Hapa lazima tueleze habari za Shangazi.

Shangazi, dada wa baba wa mmoja wetu, anakaa Coventry. Miaka miwili kabla ya hapo tulimwoza binti yetu mkubwa, na kwa haraka za maandalizi tulimpelekea Shangazi kadi kwa posta kama tulivyowapelekea watu wote. Hakuja. Hakupiga simu. Kila Idi tulimpigia sisi, akaitikia salamu na kusema anapika. Kwa desturi yetu shangazi haalikwi harusi. Huendewa, akaketishwa, akaulizwa shauri, kana kwamba harusi ni yake. Sisi tulikuwa tumemfanya mgeni. Kwa hiyo safari hii tulipanda gari moshi wote wawili, tukiwa na halua na kilo ya udi, tukamwendea.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Leo mmepotea njia?"

Tulikaa saa mbili kabla ya kutaja lililotuleta. Tulipolitaja, hatukusema "tunakualika". Tulisema, "Shangazi, nyumba tumepata, na hakuna mkubwa wa kuifukiza ubani." Akanyamaza. Kisha akauliza siku, na saa, tukamwambia saa kumi. Mjukuu wake, kijana aliyezaliwa hapa na ambaye ndiye angemwendesha, alikuwa amesimama mlangoni. Akaandika katika kalenda ya jikoni. Hatukuangalia alichoandika.

Majirani tuliwaendea wenyewe. Upande wa kulia anakaa mzee wa Kiingereza peke yake. Tulimweleza kwamba magari yatakuwa mengi, kwamba atasikia watu wengi wakisoma kwa pamoja lakini haitavuka saa mbili usiku, na kwamba chakula ni saa kumi na mbili naye karibu. Aliuliza jambo moja tu: avae nini. Upande wa kushoto ni mama wa Kigujarati. Tulianza kumweleza kwa Kiingereza chetu cha taratibu, akatukatiza kwa Kiswahili: "Nyinyi watu wa wapi?" Alizaliwa Kampala, akaja hapa mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia. Akatusimulia kwamba kwao nyumba mpya huchemshiwa maziwa mpaka yafurike chunguni, ndiyo baraka. Nyama hali, wala mayai. Basi tulimkaangia sambusa za viazi peke yake, katika mafuta mapya, kabla ya zile za nyama, tukampelekea neno kwamba tumefanya hivyo. Maana kama asingejua, angekuja na asionje kitu, nasi tungedhani ametudharau.

Jumamosi ikafika. Saa nne kamili asubuhi kengele ya mlango ililia. Mmoja wetu alikuwa na ufagio, mwingine mikono yake imejaa vitunguu. Mlangoni alisimama Shangazi, amevaa baibui jipya, na nyuma yake mjukuu na ndoo ya achari.

Msomaji amekwisha kufahamu. Kijana alisikia "saa kumi" akaandika kumi, kama saa za Kiingereza zisomwavyo, na kumi ya Kiingereza ni saa nne yetu. Lakini lililotuuma ni hili: Shangazi alijua vema kwamba saa kumi ni alasiri. Alfajiri ile mjukuu alipomwambia wajitayarishe, alidhani tumebadili saa na kumwarifu kijana, yeye tukampita. Alikuja akiwa na donge hilo rohoni, na alikuja hata hivyo.

Tulimweleza pale pale ukumbini, viatu bado vimo miguuni mwake. Akamtazama mjukuu. Mjukuu akatazama ndoo. Kisha Shangazi akavua baibui, akaingia jikoni, akaonja viungo vya pilau, akasema bizari nyembamba haikutosha. Saa sita zile alikaa nasi akichambua mchele, na kati ya mchele na vitunguu alizungumza habari za ile kadi ya posta. Alisema yote. Tulisikiliza, na tuliomba radhi kwa maneno, si kwa kukisia.

Wasomaji walifika kumi na tisa. Mmoja aliugua, na Maalim akachukua juzuu zake mbili juu ya zile alizokuwa nazo. Mdogo wetu alikuja. Mzee wa Kiingereza alivaa tai. Shangazi alichukua chetezo akapita chumba kwa chumba, na alipofika juu ya ngazi kengele ya moshi ikapiga ukelele katikati ya kisomo. Anayekusudia kufukiza na afungue madirisha ya juu mapema, na chetezo asikipitishe chini ya kengele hiyo. Sisi tulikumbuka yote isipokuwa hilo. Hakuna aliyeacha kusoma isipokuwa watoto.

Usiku, akiwa anavaa viatu, Shangazi alituambia kwamba Mfungo Tatu ana wageni kwake, nasi tufike. Tukamwuliza saa ngapi.

"Saa kumi," akasema. "Kalendani ataandika mwenyewe huyu, na safari hii nitasimama nyuma yake."