Harusi imekwenda kwa fundi mwengine

Mwenye harusi huulizia bei kwa mafundi watatu au wanne, na mmoja tu ndiye anayepelekewa kitambaa. Sisi tuliokosa huwa tunauliza kwa nini, lakini kuna wakati wake na maneno yake.

Tunasubiri harusi ipite, wiki moja hivi. Ukiuliza kabla, utaonekana unampokonya mwenzio kazi, na Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Tena tunamuuliza aliyeamua, ambaye mara nyingi si bibi harusi, bali ni mama au shangazi aliyeshika fedha.

Mwezi wa Shaaban tuliulizwa bei ya sare za mabinti 12. Tulitaja shilingi 45,000 kwa nguo moja, bitana na ushungi ndani yake. Kazi ikaenda kwengine. Baada ya harusi tukampelekea shangazi ujumbe wa sauti: "Hongereni, Mungu awajaalie maharusi kheri. Kazi imeshapita, hatuidai. Tunaomba utusaidie jambo moja tu: kitu gani kilikupendeza kwa fundi uliyemchagua?" Hatukuuliza sisi tuna kasoro gani, maana muungwana hapendi kumtajia mtu aibu yake.

Akajibu, "Bei tu, mwanangu."

Wengi husema hivyo kwa staha. (Mabibi harusi, kama si bei, tafadhalini msitwambie bei. Tutashusha bure na kazi bado tutaikosa.) Tukamshukuru, tukauliza mara moja zaidi: "Lau bei zingelingana, ungetupa sisi?"

Alichelewa kujibu, kisha akasema hapana. Kumbe yule fundi alimtajia 48,000, ila alimwandikia tarehe tatu: ya kupimwa, ya kujaribu na ya kuchukua, na baada ya kujaribu zinabaki siku tano za kurekebisha. Harusi ya binti yake wa kwanza, nguo tatu zililetwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, na mbili zilibana kifuani. Hiyo 3,000 ya ziada aliilipia usingizi.

Hapo ni kusema ahsante na kunyamaza. Ukianza kujitetea kuwa na wewe humaliza mapema, hatokwambia kweli tena. Na akianza kumsema yule fundi mwengine, tunamgeuzia mazungumzo, isije ikawa tunasengenya.

Jibu moja halitoshi kubadilisha kazi. Tunaliandika kwenye daftari, pembeni ya bei tuliyotaja. Neno "tarehe" lilipotoka nyumba ya tatu, ndipo karatasi yetu ya bei ikaanza kuwa na tarehe hizo tatu. Mama mmoja alisema shanga zetu zinametameta mno. Hakuna mwengine aliyesema hivyo, basi shanga tumeziacha zimetemete.