Konda Abamiza Mlango Weee, Kumbe Kitasa Hakina Kosa!
Konda mmoja wa haisi jijini Dar alikuwa anabamiza mlango mara tatu kila kituo, na bado haushiki. Siku moja ukafunguka gari likiwa kwenye mwendo. Mama aliyeuegemea akadakwa na abiria wenzake!

Suka akataka kununua kitasa kipya. Fundi akasema, "Subiri kwanza, kaka." Akaufungua nusu, akaunyanyua upande wa nyuma. Ukacheza juu chini. Kumbe kigurudumu cha reli ya katikati kimelika, mlango umeshuka, kitasa hakikutani na chuma chake kwenye bodi. Kilipobadilishwa, ukafunga kwa mkono mmoja tu.

Wenu hauchezi, ila komeo la kuvuta limelegea na mlango haufunguki? Hapo kagueni kebo.