Kidani cha Bibi Aisha: nani alitusimulia, na tunajuaje?



Maulidi ya Barzanji tunayosomewa kwenye shughuli zetu iliandikwa Madina katika karne ya 18. Mtume (S.A.W.) alifariki mwaka 632. Hapo kati ipo zaidi ya miaka elfu moja, na sisi wanawake tuna haki ya kuuliza habari zake zilipita mikononi mwa nani mpaka zikatufikia.

Kitabu kikubwa cha mwanzo cha sira tulichonacho ni cha Ibn Is-haka, aliyezaliwa Madina na kufariki Baghdad karibu mwaka 767, yaani zaidi ya miaka 130 baada ya Mtume. Nacho hatunacho kama alivyokiandika. Kinachosomwa zaidi leo ni kile alichokipokea Ibn Hisham kupitia mwanafunzi wa Ibn Is-haka, akakipunguza, na mwenyewe anasema wazi kwamba ameacha baadhi ya mambo.

Tuchukue kisa kimoja tunachokijua sote, cha Bibi Aisha (R.A.) kusingiziwa. Walikuwa wanarudi kutoka vita vya Banu Mustalik. Alitoka kwenda haja, kidani chake cha shanga za Yemen kikakatika, akarudi kukitafuta. Huku nyuma watu wakakipandisha kibanda chake juu ya ngamia wakidhani yumo ndani. Safwan akamkuta peke yake akamleta kwa msafara, na maneno ya watu yakaanza, mpaka zikateremka aya za Suratun Nur kumtakasa.

Nani alisimulia? Bibi Aisha mwenyewe. Alimsimulia Urwa, mtoto wa dada yake Asmaa. Urwa akawasimulia wengi, wakiwemo mwanafunzi wake Zuhri na mwanawe Hisham. Ibn Is-haka alikipata kisa hiki kwa Zuhri, na njia nyingine aliyoitaja inapitia kwa Amra, mwanamke wa Madina aliyepokea kwa Bibi Aisha.

Hapo ndipo wanahistoria wa leo wanapofanya kazi. Mjerumani Gregor Schoeler aliyaweka masimulizi ya Zuhri na ya Hisham ubavu kwa ubavu. Yangefanana neno kwa neno, tungesema mmoja kamuiga mwenzake. Lakini masimulizi ya Hisham yaliyomo katika Bukhari yanaanza pale Mtume aliposimama kuhutubia watu, na kidani hakitajwi. Hata hivyo kote mbili Mama Mistah anajikwaa na kumlaani mwanawe, na kote mbili Bibi Aisha anajifananisha na baba yake Yusuf. Hisham anaongeza kwamba kwa majonzi jina la Yaakub lilimpotea. Schoeler akahitimisha kuwa hawa wawili hawakuigana, na kiini cha kisa kinarudi kwa Urwa, aliyemsikia mama yake mdogo kwa masikio yake.

Lakini si kila kipande kina uzito mmoja. Katika Bukhari, siku ya hotuba ile anasimama Saad bin Muadh kumtetea Mtume. Ibn Is-haka anaviweka vita hivyo mwaka wa 6 wa Hijra, na Saad alifariki mwaka wa 5, baada ya Khandaki. Maiti hasimami msikitini akasema. Kwake Ibn Is-haka anayesimama ni Usaid bin Hudhair. Waqidi, aliyekuja baada yake, anaviweka vita mwaka wa 5, kabla ya Khandaki, na hapo Saad yu hai. Masheikh wetu wa zamani waliliona tatizo hili. Ibn Hajar aliuona mwaka wa 5 ndio wenye nguvu.

Je, tumwamini Waqidi kwa kuwa tarehe zake zinapangika vizuri? Mwanahistoria Patricia Crone alitahadharisha hapo hapo: Waqidi alikuja baadaye, lakini mara nyingi anajua tarehe na majina ambayo Ibn Is-haka hakuyataja. Habari inayozidi kunenepa kadiri inavyosafiri ni ya kutiliwa shaka. Wapo pia wanaoona hata Schoeler ameamini mno, maana kuifikisha habari kwa Urwa bado si kuifikisha kwenye siku yenyewe.

Kwa hiyo tunapomsoma Bibi Aisha, tunatenganisha. Utakaso wake umo ndani ya Qur'ani, na kwetu hauna mjadala. Kwamba kisa kilitoka mdomoni mwake kwenda kwa mpwa wake, ushahidi wake ni mzuri hata kwa vipimo vya wanahistoria. Mwaka, na nani alisimama siku ile, ni mambo waliyohitilafiana wapokezi. Basi akisimuliwa mbele yako kwenye darsa, uliza: habari hii imepokewa kwa nani, na nani mwingine kaisema?