Tapwi ya Matope, Chubwi ya Maji

Wengi wetu tunatumiwa picha za kurasa za vitabu vya watoto kwa simu, kurasa za Kiingereza, na ombi huwa moja: "Nifanyie Kiswahili nimsomee mtoto." Leo nitaeleza ukurasa mmoja tu niliotumiwa kutoka Bashay, kule Mbulu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu mtu anachohitaji kujua.

Aliyenitumia ni binti wa kaka yangu. Ameolewa kule na mwanamume aliyefiwa na mke, na ndani ya nyumba amekuta mtoto wa miaka minne. Mtoto hamkatai, lakini hamsogelei. Nyumbani wanazungumza Kiiraki, ambacho wengi tunakiita Kimbulu, na Kiswahili mtoto anakisikia kidogo kidogo. Basi bi harusi wetu alikuwa hatafuti tafsiri ya mtihani. Alitaka maneno ya kumfanya mtoto akae karibu yake kwa dakika tano.

Picha ya kwanza haikufaa. Taa ya simu ilikuwa imepiga katikati ya ukurasa na kuacha doa jeupe pe, na ukingo wa chini umekatika. Nikamwambia, "Mwanangu, zima taa ya simu, peleka kitabu mlangoni penye mwanga, simama juu yake uone pembe zote nne, kisha piga." Picha ya pili ilipokuja, pale penye doa palikuwa na chura, na chini kabisa palikuwa na bwawa. Bila ya hivyo viwili hadithi ingeharibika. Kwa hiyo kabla ya kusoma neno lolote, hesabu walio kwenye picha na uliza wanafanya nini. Mtoto hasomi maandishi, anasoma picha.

Maandishi yenyewe yalikuwa sentensi moja ndefu. Ukiyafuata neno kwa neno unapata hivi: "Wakati mvua ilipokuwa ikinyesha kwa nguvu, nguruwe mdogo aliyevaa mabuti mekundu aliruka kwa furaha ndani ya dimbwi kubwa la matope, na chura aliyeshtuka akarukia bwawani." Kiswahili hicho si kibaya, ila mtoto wa miaka minne akifika "aliyevaa" ameshasahau mvua. Kipimo changu ni pumzi: sentensi moja, pumzi moja fupi, jambo moja. Ukiona "ambaye", "aliye" au "wakati ambapo", hapo pana sentensi mbili zimeshonwa pamoja. Fumua.

Sasa sauti. Kile kitabu kilikuwa kimeweka neno moja la mrusho wa maji, kwa herufi kubwa, kwa nguruwe na kwa chura sawasawa. Kiswahili hakikubali hivyo. Sisi kila kuanguka kuna sauti yake: majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu, na kitu kizito kikianguka chini ni pu. Kwa hiyo sauti haichaguliwi kwa kutazama neno la Kiingereza, inachaguliwa kwa kutazama picha. Nilimuuliza bi harusi, "Hapo alipotua nguruwe ni maji au tope?" Akajibu, "Tope, shangazi, zito kama la njiani kwetu wakati wa masika." Basi ni tapwi. Chura ametua bwawani, huyo ni chubwi. Na mvua? Wazee wametuachia methali, chururu si ndondondo. Ndondondo ni matone, chururu ni maji yanayomiminika. Picha ilionyesha maji yakishuka mfululizo kutoka kwenye paa, kwa hiyo ni chururu.

Nikamwandikia hivi:

Mvua hiyo! Chururu!
Nguruwe mdogo kavaa mabuti.
Mabuti mekundu ndu!
Akaruka matopeni: tapwi!
Chura akashtuka.
Akaruka majini: chubwi!
Kisha kimya. Ji.

Tazameni mambo mawili. Kwanza, "akaruka matopeni" na "akaruka majini" zimefanana kwa makusudi. Mtoto akishaijua ya kwanza, ya pili anaisubiri, na kinachobadilika ni mahali na sauti tu. Pili, sauti imekaa mwisho, baada ya mahali. Msomaji akisema "akaruka majini" na kunyamaza kidogo, mtoto anapata nafasi ya kuimalizia mwenyewe. Ukianza na sauti, umempokonya zamu yake. Neno "kwa furaha" nimeliacha, maana nguruwe anacheka kwenye picha na mtoto anamwona.

Najua kuna atakayeuliza: kwa nini nguruwe? Mama mmoja alishauri tumwite mbuzi. Lakini mtoto wa Bashay anamjua mbuzi na anamjua nguruwe kwa majirani. Ukimwambia huyu ni mbuzi, atakusahihisha, au ataacha kukuamini. Qur'ani yenyewe imemtaja nguruwe kwa jina inapoharamisha nyama yake, Suratul Baqara aya ya 173. Kumtaja si kumla. Kama familia haitaki, chagua ukurasa mwingine, lakini usimpe mtoto maneno yanayopingana na macho yake.

Sauti nazo zina kiasi. Ukurasa huu una tano, na ji ya mwisho inasemwa kwa kunong'ona, ndipo mtoto anatulia badala ya kuendelea kurukaruka. Zaidi ya hapo inakuwa kelele na hadithi inapotea. Utajuaje kama umepatia? Funika maandishi kwa kiganja, sema "tapwi", uone mtoto anaweka kidole wapi. Akigusa nguruwe, imeingia. Akigusa chura, rudia mistari ile miwili polepole, ukionyesha tope kisha maji. Akitazama pembeni katikati ya mstari, mstari huo ni mrefu, ukate.

Pale Bashay lilitokea jambo ambalo sikulipanga. Usiku wa tatu bi harusi aliposema "akaruka matopeni" na kunyamaza, mtoto hakusema tapwi. Alisema sauti nyingine, ya Kiiraki, aliyoizoea kwa bibi yake. Siwezi kuiandika hapa, lugha ile ina sauti za kooni ambazo herufi zetu hazizibebi. Bi harusi akajaribu kuitamka, ikamshinda, mtoto akacheka na kumfundisha tena, ameegemea goti lake. Tangu hapo wanasoma tapwi kwanza, kisha ile ya mtoto. Kwa hiyo sauti ya nyumbani kwa mtoto usiisahihishe. Iweke kando ya yako.

Jambo la mwisho ni haki ya mwenye kitabu. Ukurasa wa kitabu cha dukani ukiutafsiri kwa kumsomea mwanao, ubaki nyumbani. Usiusambaze kwenye makundi wala kuuchapisha kama wako. Ukitaka kutafsiri na kugawa, tafuta hadithi za African Storybook, ulioanza 2014. Leseni yake inaruhusu kutafsiri na kusambaza, mradi uwataje mwandishi na mchoraji, na nyingi tayari zipo kwa Kiswahili. Hata hizo zipitishie kipimo cha pumzi kabla ya kumsomea mtoto.

Allah awajaalie watoto walio majumbani mwenu, mliowazaa na mliowakuta, wawe kitulizo cha macho yenu. Amin.